Makala au Ukurasa wa Huduma: Pesa za Fundi wa Kunguni wa Ziwani Ziende Wapi?

Mtu anayefanya kazi ya kupulizia dawa ya kunguni Ziwani, mwenye pampu mbili za mgongoni, kijana mmoja wa kumsaidia na simu isiyozimwa, akiamua kufungua tovuti ataletewa bei za aina mbili. Fundi mmoja wa tovuti atajitolea kumtengenezea ukurasa wa huduma, pale mteja anapoona kazi inayofanywa, bei yake na namba ya kupiga. Fundi mwingine atamuuzia kifurushi cha makala za blogu, nne kila mwezi, kila moja na kichwa chake: dalili za kunguni, jinsi ya kuzuia kunguni, wadudu wa nyumbani na madhara yao. Makala moja ni rahisi kuliko ukurasa mmoja, basi kifurushi kinaonekana ndicho cha bei nafuu. Mara nyingi sicho, na sababu haiko kwenye bei ya makala bali kwenye mada yenyewe: ipo mada inayoleta mteja, na ipo inayoleta msomaji tu. Ukiweka ya kwanza mahali pa ya pili, umelipia kazi isiyokurudishia chochote.

Nimechukua kunguni kwa sababu Ziwani hawahitaji kuelezwa. Ni mtaa wa nyumba za zamani za kaunti, jirani na Kariokor na Starehe, na Gikomba si mbali. Nyumba zimeshikana ukuta, wapangaji wanahama na kuhamia na vitanda vyao, na kochi la mkono wa pili linaweza kuingia na wadudu ndani ya mishono bila mnunuzi kujua. Fundi ninayemzungumzia ni wa mfano, na bei nitakazotaja ni za mfano pia; msomaji aweke zake na hesabu itakwenda vilevile.

Kwanza tuone vitu hivi viwili vilivyo. Anayetumia WordPress atakuta milango miwili kwenye dashibodi, `Posts` na `Pages`, na milango hiyo imekuwepo tangu toleo la 1.5 la mwaka 2005. Kinachoingia kupitia `Posts` hubeba tarehe, hupangwa kwa kategoria, na kikiandikwa kipya cha zamani husukumwa chini. Kinachoingia kupitia `Pages` kwa kawaida hakionyeshi tarehe, hukaa kwenye menyu ya juu, na hakisukumwi na chochote. Ndiyo maana bei iliyoandikwa kwenye makala huzeeka vibaya. Mteja akiona tarehe ya miaka mitatu iliyopita juu ya bei, hajui kama bado ni hiyo, na badala ya kuuliza huenda kwa mwingine. Makala ni mahali pa kufundisha, na somo linaweza kubeba tarehe. Ukurasa wa huduma ni mahali pa kupatana, na mapatano lazima yawe ya leo.

Mada zenyewe fundi wetu asizitafute kwa kubuni. Ziko kwenye simu yake. Apitie mazungumzo ya WhatsApp ya miezi michache iliyopita na kunakili maswali kama yalivyoandikwa, bila kuyasafisha. Atakuta mengine yanaulizwa kabla ya bei kutajwa, mengine mara tu baada ya bei, na mengine baada ya kazi kukubaliwa. Mpangilio huo wa wakati ndio utakaomwambia mengi kuliko ushauri wa muuza vifurushi.

Swali linalokuja mara nyingi kuliko yote litakuwa la aina hii: "Bedsita mnapulizia ngapi?" Hapa hakuna cha kufikiria sana. Anayeuliza tayari anajua ana kunguni, anajua anataka dawa, kilichobaki ni nani na kwa pesa ngapi. Hiyo ni mada ya ukurasa wa huduma. Lakini muuza makala atakuwa na kichwa tayari, kitu kama "Gharama ya Kuangamiza Kunguni Nairobi: Mambo Unayopaswa Kujua", na fundi atajiona kama anahitaji vyote viwili. Kuna jaribio la dakika tano la kukata shauri, na halina gharama. Afungue dirisha la faragha la kivinjari kwenye simu ili historia yake isimpotoshe, aruhusu simu kuonyesha mahali alipo, kisha aandike maneno ambayo mteja angeandika, kwa mfano `bed bug fumigation Nairobi price`, halafu arudie kwa Kiswahili, `kupulizia dawa ya kunguni Nairobi`. Asisome matokeo kwa sasa, aangalie sura yake. Ramani ikitokea juu na majina ya biashara na nyota zake, na chini yake kurasa za kampuni zenye namba za simu, basi Google inawaona wanaoandika maneno hayo kuwa ni wanunuzi, na makala itasukumana bure na kurasa za wauzaji. Zikitokea makala ndefu, video na kisanduku cha maswali ambayo watu wengine huuliza, basi walioandika wanataka kuelewa, na ukurasa wa bei hautafika mbali hapo.

Matokeo yakiwa mchanganyiko, ushauri wangu ni ukurasa wa huduma uwe wa kwanza. Nasema hivyo kwa sababu ya ukubwa wa biashara. Kampuni yenye magari na matawi inaweza kungoja msomaji wa leo awe mteja wa mwakani. Mtu mwenye pampu mbili anahitaji simu wiki hii.

Tuje sasa kwenye swali lenye utata, ambalo ndilo linaloonyesha kazi yenyewe ya kuamua. Mteja anaambiwa bei, anakubali, kisha anauliza: "Mbona mnarudi mara ya pili? Dawa yenu ya kwanza haifanyi?" Je, jibu liende kwenye makala au kwenye ukurasa?

Ili kuamua, lazima tujue jibu lenyewe lina nini ndani. Yai la kunguni lina urefu wa kama milimita moja, jeupe, na jike hulibandika ndani ya ufa wa kitanda, nyuma ya ubao, chini ya mshono wa godoro. Dawa nyingi za kupulizia humuua mdudu anayetembea lakini haziliui yai vizuri. Kwenye chumba chenye joto yai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi. Kinachotoka ni kunguni mchanga anayepaswa kunyonya damu na kujivua ngozi mara tano kabla ya kukomaa na kuanza kutaga, na safari hiyo huchukua wiki kadhaa hata hali ikiwa nzuri kwake. Kwa hivyo fundi akirudi siku ya tatu, mayai mengi bado yamefunga na dawa imemwagwa bure. Akirudi baada ya miezi miwili, waliotoka kwenye mayai hayo wameshakuwa wazazi. Akirudi baada ya siku 14 hivi, mayai yaliyosalia yameshaanguliwa na hakuna aliyefika umri wa kutaga. Mpango mzima wa kazi umejengwa juu ya dirisha hilo. Na bado kuna tatizo lingine: katika nchi nyingi kunguni wamekuwa sugu kwa dawa za kundi la pairethroidi, ambalo ndilo linalouzwa sana madukani, hivyo fundi anayejua kazi hutazama pia ni wangapi walionusurika kabla ya kuamua kama atabadilisha aina ya dawa ile mara ya pili.

Ukiyasoma maelezo hayo utaona yana vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kimoja ni sehemu ya bei: mteja analipia kupuliziwa mara mbili, ya pili baada ya siku 14. Kingine ni sababu. Kilicho sehemu ya bei lazima kikae kwenye ukurasa wa huduma, tena karibu na tarakimu yenyewe, kwa sababu mteja akilinganisha fundi wa elfu tatu na fundi wa elfu mbili asipojua kwamba wa elfu tatu anarudi, atamchagua wa elfu mbili na kumwita mwizi yule mwingine. Sababu, pamoja na mayai yake, siku zake na dawa zake, ikibandikwa yote kwenye ukurasa wa huduma itaisukuma namba ya simu chini mpaka mtu achoke kutelezesha kidole. Hiyo ndiyo makala halali. Ukurasa ubebe sentensi moja au mbili na kiungo kinachokwenda kwenye maelezo; makala ibebe maelezo na kiungo kinachorudi kwenye ukurasa, kikiwa kimeandikwa kwa maneno yanayosema kinakokwenda, kama "bei zetu za kupulizia kunguni", badala ya "bonyeza hapa".

Kwa hivyo mada moja inaweza kukatwa. Ninapoikata mimi hujiuliza swali moja: maelezo haya yakiondolewa, je, kiasi anacholipa mteja au kile anachopata kitabadilika? Kikibadilika, ni ya ukurasa wa huduma. Kisipobadilika, na bado watu wanataka kujua, ni ya makala.

Swali la tatu litakuwa la mtu ambaye hataki kulipa fundi kabisa. Anataka kujua dawa ya kununua mwenyewe. Vifurushi vya makala hupenda mada hii kwa sababu wanaoitafuta ni wengi, na kwa Kiswahili hutafutwa Mombasa, Dodoma na Mwanza vilevile. Hapo ndipo pesa hupotelea kimyakimya. Makala nzuri ya kuondoa kunguni kwa maji moto inaweza kusomwa na watu wengi kila mwezi na isilete hata kazi moja, kwa kuwa msomaji wa Dodoma hawezi kumwita fundi wa Ziwani, na msomaji wa Shauri Moyo aliyefika hapo alikuwa anaepuka kumwita. Fundi anaweza kuliona hili mwenyewe bila kumwamini mtu. Kwenye Google Search Console, ambayo ni bure, kuna orodha ya nchi watafutaji walipo; kwa miji atatumia Google Analytics. Makala inayopata wasomaji wake wengi nje ya Nairobi ni huduma kwa jamii, na ni jambo jema kuifanya, lakini isiandikwe kwenye daftari kama gharama ya kutafuta wateja.

Kama ataiandika, basi aiandike kwa ukweli wote. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 kama kitambaa kinavumilia, kitanda kifunguliwe vipande, na dawa inunuliwe ikiwa na lebo yenye namba ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu, inayoanza na `PCPB(CR)`. Chupa ndogo isiyo na lebo inaweza kuwa dawa ya shambani, na watoto wanalala juu ya godoro hilo. Makala ya namna hiyo inajenga jina hata kwa asiyenunua.

Maswali yanayokuja baada ya kazi kukubaliwa ni haya: nitoe nini kabatini, chakula nikiweke wapi, nitalala hapo usiku wa leo? Wengi huyafanya makala. Mimi naona si ya blogu, na hayafai kurundikwa kwenye ukurasa wa huduma pia, maana anayeyahitaji ameshanunua. Ni karatasi ya maelekezo. Iwekwe kwenye ukurasa wake mdogo, na kiungo kitumwe kwa WhatsApp siku ya kuweka miadi. Kwenye ukurasa wa huduma itoshe kusema nyumba itafungwa kwa muda gani kulingana na lebo ya dawa, kwa sababu mama mwenye mtoto mchanga ataamua kwa hilo kama ataita au hataita.

Baada ya hapo muuza kurasa naye atakuja na tamaa yake. Atasema: tutengeneze ukurasa wa Ziwani, mwingine wa Kariokor, mwingine wa Kaloleni, wa Makongeni, wa Bahati, wa Jericho, wa Maringo, maneno ni yaleyale, tunabadilisha jina la mtaa tu, na kila mmoja nitakutoza nusu bei. Kataa. Google huziita kurasa hizo `doorway`, zimekatazwa kwenye sera zake dhidi ya taka za mtandaoni, na tangu mwaka 2015 imekuwa ikizishusha waziwazi. Hata bila Google, mkazi wa Bahati akifungua ukurasa wa Bahati na kukuta hauna chochote cha Bahati, ataona amechezewa. Ukurasa mmoja wenye orodha ya mitaa mnayofika na nauli ya ziada ya kila upande unatosha. Ukurasa wa pili unastahili pale tu huduma yenyewe inapobadilika, kwa mfano kupulizia hosteli yenye vitanda vingi vya kupanda juu, ambako kazi, muda na bei ni tofauti.

Sasa hesabu. Tuseme ukurasa wa huduma ulioandikwa vizuri na kupigwa picha halisi unagharimu shilingi 8,000, mara moja. Makala ni 2,000, na kifurushi ni nne kwa mwezi, yaani 8,000 kila mwezi. Tuseme pia kazi ya chumba kimoja, ukitoa dawa, nauli ya mara mbili na malipo ya msaidizi, inabakiza 1,500. Jina la kikoa la `.co.ke` na malipo ya kuhifadhi tovuti hulipwa kila mwaka katika njia zote mbili, hivyo hayabadilishi ulinganisho.

Ukurasa unajilipa kwa mteja wa sita. Baada ya hapo gharama yake ni kurekebisha tarakimu bei ya dawa inapopanda. Kifurushi cha miezi mitatu ni 24,000, kinachohitaji wateja 16 ili pesa zirudi, na wateja hao wakishasoma makala watataka kuona bei na namba ya simu, yaani watahitaji ukurasa uleule ambao haujatengenezwa. Hapo ndipo ule unafuu wa makala unapoisha. Makala isiyo na ukurasa nyuma yake humwacha msomaji njiani.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Makala 12 zikiwa na bei ndani yake, siku bei inapobadilika kuna mahali 12 pa kurekebisha, na moja itasahaulika. Mteja atafika na simu mkononi akionyesha bei ya zamani kwenye tovuti yako mwenyewe, na atakuwa na haki ya kudai hiyo. Kwa hiyo sheria ninayoishikilia kuliko zote ni kwamba tarakimu ya bei ikae mahali pamoja tu, kwenye ukurasa wa huduma, na makala zote zielekeze huko.

Na kabla ya hata hizo 8,000, kuna chaguo la shilingi sifuri. Wasifu wa biashara kwenye Google, `Google Business Profile`, ni bure, una sehemu ya kuorodhesha huduma na bei, na ndio unaoingiza jina kwenye ile ramani ya juu. Anayefanyia kazi nyumbani Ziwani na hataki watu wabishe hodi anaruhusiwa kuficha anwani na kutaja maeneo anayohudumia, hadi 20. Katalogi ya WhatsApp Business nayo ni bure. Fundi anayeanza ajaze hivi viwili kwanza; maneno atakayoyaandika humo ndiyo mswada wa ukurasa wake wa huduma.

Wengi wanaosoma haya tayari wana tovuti iliyochanganyika, na dalili zake zinaonekana. Ya kawaida ni kuwa na makala na ukurasa vinavyogombania maneno yaleyale. Kuvitambua, andika kwenye Google `site:` likifuatiwa na anwani yako na neno la mada, kwa mfano `site:jina-lako.co.ke kunguni`, uone ni kurasa ngapi zako zinazungumzia jambo hilo moja. Kisha ingia Search Console, fungua ripoti ya `Performance`, chagua maneno ya utafutaji yanayohusu bei, halafu ubonyeze `Pages`. Ukiona anwani mbili zako zikipokezana, wiki hii moja inaonekana na wiki ijayo nyingine, na zote mbili hazipandi, ndilo tatizo. Dalili nyingine ni makala inayoonekana mara nyingi kwa maneno ya kununua lakini hakuna anayeibonyeza: watu wanatafuta muuzaji, wanaona kichwa cha somo, wanapita.

Dawa yake ni kuunganisha. Chukua kilicho kizuri ndani ya makala ya bei, ukihamishie kwenye ukurasa wa huduma, kisha anwani ya zamani ielekezwe moja kwa moja kwenye ukurasa ili viungo vilivyokwisha kusambazwa WhatsApp visife. Kwenye seva ya Apache ni mstari mmoja kwenye faili la `.htaccess`:

```
Redirect 301 /bei-ya-kunguni/ /huduma/kunguni/
```

Tarakimu 301 inaiambia injini ya utafutaji kwamba hamisho ni la kudumu. Usiifute makala tu bila kuelekeza, kwa sababu atakayebonyeza kiungo cha zamani atakuta ukurasa wa hitilafu na kudhani biashara imefungwa. Baada ya hapo subiri wiki kadhaa kabla ya kuhukumu. Google haisomi upya tovuti ndogo kila siku.

Sijasema kwamba makala hazifai. Ipo moja ambayo fundi wa Ziwani angeilipia hata kabla ya kukamilisha mengine, na ni ile inayoeleza jambo ambalo mteja hajui kulitafuta. Kwenye nyumba zilizoshikana ukuta, kupulizia chumba kimoja ni kuwahamisha baadhi ya kunguni kupitia nyufa na nyaya hadi kwa jirani, na baada ya wiki chache wanarudi. Huduma ya kweli hapo ni kupulizia safu nzima siku moja, majirani wakichangishana, au kwenye ploti ya Pumwani na Eastleigh, mwenye nyumba akilipa. Hakuna anayeandika hilo kwenye Google, kwa kuwa hajui kama lipo. Ukurasa wa huduma wenye jina hilo utakaa bila kutembelewa. Lakini makala ya kurasa mbili, yenye mchoro wa ukuta wa pamoja na hesabu ya mchango wa kila nyumba, itatumwa na mpangaji mmoja kwenye kundi la WhatsApp la majirani, au kwa keateka, na kutoka hapo itafika kwa mwenye kulipa. Makala hii haitegemei kutafutwa. Inategemea mtu aliyechoka kujikuna akiwa na cha kuwaonyesha jirani zake. Huduma ikishazoeleka na watu wakaanza kuiulizia kwa jina, ndipo ipate ukurasa wake na bei yake, na makala ibaki kuelekeza huko.

Basi mwenye shilingi 10,000 na biashara ya mkono mmoja Ziwani, jaza wasifu wa Google na katalogi bila malipo wiki hii. Lipa 8,000 za ukurasa mmoja wa huduma wenye bei, kupulizia mara mbili kukiwa kumetajwa palepale kwenye bei, muda wa kukaa nje ya nyumba, mitaa mnayofika, picha za kazi yako mwenyewe na namba ya simu inayobonyezeka. Elfu mbili zilizobaki zilipie makala ya kupulizia safu nzima. Mkataba wa makala nne kwa mwezi usiusaini mpaka uone kwenye Search Console maswali ya watu wa Nairobi ambayo ukurasa wako hauwezi kuyajibu kwa sentensi mbili.